Karatasi Imeandikwa "Chanya": Mama Afanye Nini?

Tumfikirie mama mmoja wa mjini Singida. Jina lake si hoja, kwani tumemtunga kwa mfano tu, na walio katika hali yake ni wengi. Ana umri wa miaka 38 na watoto watatu. Kila siku asubuhi huenda soko la vitunguu la Misuna, ambako kazi yake ni kuchambua vitunguu na kufunga magunia. Mumewe ni fundi katika kinu cha kukamulia mafuta ya alizeti. Siku moja mama huyu alimpeleka mwanawe wa mwisho kituo cha afya kwa sababu ya kikohozi, na muuguzi akamwambia kwamba akina mama wa umri wake wanapimwa mlango wa kizazi. Alipewa kijiti chenye brashi laini, akaelekezwa namna ya kujichukulia mwenyewe ute wa ndani nyuma ya pazia, akakirudisha, akaondoka.

Majuma mawili baadaye alipigiwa simu arudi. Akapewa karatasi ndogo iliyoandikwa herufi tatu na neno moja: HPV, chanya. Muuguzi alianza kumweleza, lakini foleni ilikuwa ndefu na masikio ya mama yalikuwa yamekwisha kuziba. Aliikunja karatasi ile mara nne, akaifunga katika pindo la kanga, akarudi nyumbani bila kupitia sokoni.

Usiku ule hakupata usingizi. Neno "chanya" alikuwa akilijua kwa maana moja tu, ile ya kipimo cha ukimwi. Maswali matatu yakamzunguka kichwani. Je, ninao ukimwi? Je, ninayo saratani? Na baba watoto akiiona karatasi hii, atasema nimeupata wapi ugonjwa huu?

Juma hili, ndugu msomaji, tuifuate karatasi hiyo kuanzia pindo la kanga hadi mwisho wa safari yake. Kwa makadirio ya mwaka 2020 ya wataalamu wa kimataifa wa utafiti wa saratani, wanawake zaidi ya 10,000 katika Tanzania walipatikana na saratani ya mlango wa kizazi kwa mwaka mmoja, na zaidi ya 6,000 walifariki kwa sababu yake. Wengi wao walifika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuota mizizi. Mama yetu wa Misuna amefika mapema mno, pengine miaka mingi kabla ya hatari yenyewe. Tatizo lake ni kwamba hajui hivyo, na asiyejua huweza kuitupa karatasi ile jikoni ikaungua pamoja na nafasi aliyopewa.

CHANYA MAANA YAKE NINI

Tuanze na lile swali la ukimwi. Kirusi kilichoandikwa katika karatasi hii si kile cha ukimwi. Ni kirusi kingine kabisa kiitwacho papiloma, ambacho hukaa katika ngozi na katika utando laini wa njia ya uzazi. Ziko aina zaidi ya 200 za kirusi hiki, na nyingi hazina madhara makubwa. Kipimo alichofanyiwa mama hutafuta aina chache tu, kumi na kitu hivi, ambazo zikikaa mwilini kwa miaka mingi huweza kuleta saratani. Mbili kati ya hizo, yaani namba 16 na namba 18, ndizo zenye lawama kubwa kuliko zote, maana kati ya kila saratani kumi za mlango wa kizazi duniani, saba hivi hutokana nazo. Ndiyo maana karatasi nyingine hutaja namba, na mwenye namba hizo huangaliwa kwa makini zaidi.

Basi, je, chanya ni saratani? La hasha. Chanya maana yake ni kwamba kirusi kimeonekana katika ute uliopimwa. Kipimo hakikuutazama mlango wa kizazi, wala hakikusema kama pana kidonda au hapana. Watu wazima wengi, wanawake kwa wanaume, hukipata kirusi hiki wakati fulani wa maisha yao bila kujua, kwa sababu hakiumi, hakiwashi, wala hakitoi dalili yoyote. Na mwili wenyewe hupambana nacho. Katika watu kumi walioambukizwa, tisa hivi hukishinda katika muda wa miaka miwili bila dawa.

Hatari iko kwa yule wa kumi. Kwake kirusi hung'ang'ania, na taratibu huanza kuzibadili chembe hai za mlango wa kizazi. Mabadiliko haya ya awali si saratani bado, bali ni kama kutu inayoanza katika bati. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili, safari kutoka kutu hiyo hadi saratani aghalabu huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye upungufu wa kinga, hasa anayeishi na VVU bila kutumia dawa, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu. Muda huo mrefu ndio unaoipa karatasi thamani yake. Kazi yote inayofuata, ndugu msomaji, ni kutafuta kama kutu ipo, na kuiondoa kabla bati halijatoboka.

Usiulize dawa ya kukiua kirusi chenyewe, kwa sababu haipo. Vidonge vya kuua bakteria havikigusi. Kinachotibiwa ni yale mabadiliko ambayo kirusi kimeyaleta.

SIKI NA TAA

Hatua ya pili ni kutazama kwa macho. Mama yetu, baada ya siku tatu za kuhangaika, alirudi kwa muuguzi wakati foleni imekwisha, akauliza upya. Akapangiwa siku ya kuja kutazamwa, siku ambayo hatakuwa katika hedhi.

Siku hiyo alilala chali kitandani, na mhudumu akaingiza kifaa cha kupanulia njia ili mlango wa kizazi uonekane. Kisha akachukua pamba iliyochovywa katika siki nyepesi, yenye ukali wa asilimia 3 hadi 5, akaupaka mlango wa kizazi, akasubiri dakika moja nzima huku taa ikimulika. Hapo ndipo kazi ilipo. Chembe hai zilizobadilika hugeuka kuwa nyeupe zikikutana na siki, na zile nzima hubaki na rangi yake ya waridi. Siki huwasha kidogo, lakini haiumizi.

Hata hivyo, si kila weupe ni ushahidi. Weupe hafifu, uliotawanyika bila mpaka, mara nyingi hutokana na uvimbe wa maambukizo ya kawaida au na chembe changa zinazojijenga upya. Weupe unaotafutwa ni ule mzito, wenye ukingo dhahiri, uliokaa pale ambapo ngozi ya nje ya mlango wa kizazi hukutana na utando wa ndani. Pale penye mkutano ndipo kirusi hupenda kuanzia. Kwa sababu hukumu hii hutegemea jicho la mhudumu, wahudumu wawili huweza kutofautiana, na hilo ndilo kasoro kubwa ya kipimo cha siki. Kwa akina mama waliopita miaka 50, kasoro huzidi, kwa kuwa ule mkutano hujivuta ndani ya mfereji usionekane tena kwa macho. Mama wa umri huo akiambiwa "hapaonekani vizuri", asidhani amefichwa jambo. Ni kweli hapaonekani, na atahitaji kipimo cha namna nyingine.

Ndugu msomaji, hapa pana onyo la kutolewa kwa sauti. Wako wanawake waliosikia habari za siki wakaenda dukani kununua chupa, wakajimiminia nyumbani. Siki ya hospitali haitibu chochote. Kazi yake ni kuonyesha tu, kama vile maji yanavyoonyesha tundu katika tairi. Kujitia siki, magadi, tumbaku au mizizi huunguza utando, huleta vidonda, na siku ya kipimo humfanya mhudumu ashindwe kuona.

Kwa mama wa Misuna weupe ulionekana. Ulikuwa mzito, wenye ukingo, upana wake kama ukucha wa kidole kidogo, upande wa juu wa mlango wa kizazi.

MASWALI MANNE KABLA YA TIBA

Mhudumu mwenye ujuzi haanzi tiba kwa sababu tu ameona weupe. Kwanza hujiuliza maswali manne, na kila mama ana haki ya kuyauliza pia.

La kwanza: je, pana dalili yoyote kwamba hii tayari ni saratani? Kinyama kilichoota, kidonda kinachovuja damu kikiguswa, au mlango wa kizazi uliokuwa mgumu na wenye mabonde, vyote hivyo ni ishara za kusimama. La pili: je, ule mkutano wa ngozi mbili unaonekana wote kwa mzunguko wake? La tatu: je, weupe wote uko nje, au unaingia ndani ya mfereji ambako jicho halifiki? La nne: je, weupe huo ni mdogo kiasi cha kufunikwa wote na kichwa cha kifaa cha tiba?

Majibu yakiwa mazuri kwa maswali yote manne, tiba ya kuunguza au ya kugandisha inafaa, na huweza kufanywa siku hiyo hiyo katika kituo chenye vifaa. Jibu moja likiwa baya, tiba hiyo haifai. Mabadiliko yakiingia ndani ya mfereji, au yakiwa makubwa mno, mama hupelekwa kwa daktari mwenye kifaa cha kitanzi cha waya mwembamba unaopashwa kwa umeme. Waya huo hukwangua kipande cha sehemu iliyoathirika, baada ya kutiwa ganzi, na kipande hicho hupelekwa maabara kikatazamwe kwa darubini.

Na ikiwa pana shaka ya saratani, haifai kuunguza hata kidogo. Hili ni kosa ambalo huweza kugharimu maisha. Ukiunguza juu ya saratani, uso wake hupona ukaonekana safi, na ugonjwa huendelea chini kwa chini. Mama wa namna hiyo huchukuliwa kinyama kidogo cha kupimwa, na majibu ya maabara ndiyo yanayosema kama ni saratani na ni ya aina gani. Ikithibitika, safari yake ni ya hospitali kubwa. Iliyo ya mapema kabisa huweza kuondolewa kwa upasuaji. Iliyoenea huhitaji tiba ya mionzi, kama ile inayotolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na katika Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwa mtu wa Singida hizo ni safari za mchana kutwa kwa basi, nauli na malazi juu yake, na tiba yenyewe huchukua majuma. Pima basi, ndugu msomaji, tofauti baina ya safari hiyo na ile ya nusu saa katika kituo cha karibu.

Ikiwa mama ni mjamzito, tiba hii ya kuunguza husubiri mpaka baada ya kujifungua, isipokuwa pale penye shaka ya saratani, ambapo daktari hana budi kuangalia mapema.

TIBA YENYEWE

Kwa mama yetu majibu yote manne yalikuwa mazuri. Alitibiwa kwa joto. Kifaa chake ni kidogo, hushikwa kwa mkono kama tochi, na kichwa chake hupashwa moto hadi kufikia nyuzi joto 100 au zaidi kidogo. Mhudumu hukigusisha kichwa hicho juu ya ule weupe kwa sekunde 20 hadi 40, na kama sehemu ni pana hurudia ili pasibaki pembe. Mama alihisi maumivu kama ya hedhi, yakaja na kupita. Kazi yote, tangu kupanda kitandani hadi kushuka, haikufika nusu saa.

Vituo vingine hutumia baridi badala ya joto. Gesi kutoka katika mtungi hukipoza kichwa cha kifaa mpaka mlango wa kizazi ugande kama barafu kwa dakika 3, ukaachwa uyeyuke kwa dakika 5, kisha ukagandishwa tena kwa dakika 3. Matokeo hayapishani sana. Udhaifu wa njia ya baridi ni mtungi wenyewe, kwani gesi ikiisha, tiba imekwisha, na kuileta gesi nyingine mikoani si kazi ya siku moja. Kwa hiyo mama akiambiwa "njoo juma lijalo, gesi haijafika", na aulize kama kipo kituo kingine chenye kifaa cha joto. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba tiba ifanyike mapema iwezekanavyo, ndani ya miezi 6 tangu kipimo kuonyesha chanya. Si jambo la kukimbizana usiku, lakini pia si la kungoja msimu wa mavuno upite na mwingine uje.

Mwanamke aliyetibiwa kwa joto au kwa baridi hakuondolewa kizazi. Hedhi yake itaendelea, na akitaka mtoto mwingine, huweza kumpata.

MAJUMA YA NYUMBANI

Mama alipewa maelezo ya nyumbani, na haya ndiyo yanayosahaulika upesi. Kwa majuma 4 hadi 6 atatokwa na maji maji mengi, pengine yenye damu kidogo. Hiyo ni ngozi iliyoungua ikijitoa, wala si ugonjwa mpya. Atumie kitambaa safi au pedi, asiingize kitu chochote ndani, wala asijisafishe kwa kumimina maji ndani. Tendo la ndoa lisubiri majuma 4. Isipowezekana kusubiri, kondomu itumike kila mara katika muda huo, kwa sababu kidonda kibichi ni mlango ulio wazi kwa maambukizo, VVU vikiwemo.

Ziko ishara za kumrudisha kituoni mara moja bila kungoja siku aliyopangiwa: homa kali, maumivu makali ya tumbo la chini yasiyotulia, uchafu wenye harufu mbaya kama usaha, na damu nyingi au yenye mabonge. Haya hutokea kwa wachache, lakini yakitokea yana dawa, na kuchelewa ndiko kunakoyafanya kuwa makubwa.

MWAKA MMOJA BAADAYE

Wengi hudhani kwamba baada ya tiba habari imekwisha. Haijaisha. Mama wa Misuna ameandikiwa arudi baada ya miezi 12 kupimwa tena kirusi kile kile. Kipimo kikiwa hasi, maana yake mwili umekishinda, naye atarudi katika utaratibu wa kawaida wa kupimwa baada ya miaka kadhaa. Kikiwa chanya, atatazamwa upya kwa siki kama mara ya kwanza, kwa kuwa kwa wachache mabadiliko hurudi au hubaki.

Je, ingekuwaje kama siku ile ya siki weupe usingeonekana? Asingetibiwa. Angeambiwa arudi kupimwa kirusi baada ya miezi 24, ili kuuachia mwili muda wa kufanya kazi yake. Na kama angekuwa anaishi na VVU, muda huo ungekuwa miezi 12 badala ya 24. Baada ya tiba pia angepimwa mara mbili, mwaka wa kwanza na mwaka wa pili. Sababu ni ile tuliyokwisha kuitaja, kwamba kinga ikipungua, kutu hukimbia. Mwanamke anayeishi na VVU yumo katika hatari ya saratani hii mara sita kuliko asiye navyo, na ndiyo maana yeye hushauriwa kuanza kupimwa tangu miaka 25, wakati wengine huanza miaka 30.

Hapa kati ya karatasi na mwaka wa pili ndipo akina mama wengi hupotea. Mmoja alihama kutoka mjini kwenda Kiomboi kuuguza mama yake. Mwingine alibadili namba ya simu. Wa tatu alikuwa ametoa namba ya jirani kwa kuona aibu, na jirani hakufikisha habari. Basi, yafaa kufanya mambo mawili rahisi. La kwanza, karatasi ya majibu ikae pamoja na kadi za kliniki za watoto, si katika pindo la kanga, na iwe imeandikwa tarehe, jina la kipimo, majibu, na tiba iliyofanywa. Ukiwa nayo, kituo chochote, kiwe Manyoni, Ikungi au Dodoma, kitaanzia pale wengine walipoishia. La pili, ukiondoka kituoni hakikisha umejibiwa swali hili: "Nirudi lini, na kwa kipimo gani?" Kama hujajibiwa, bado hujamaliza.

Na karatasi ikirudi bila chanya wala hasi, ikasema kipimo hakikusomeka, usihofu. Mara nyingi ute ulikuwa mchache mno au mashine ilikwama. Kipimo hurudiwa, basi.

NENO KWA BABA WATOTO

Tumebakiza swali la tatu, lile lililomwondolea mama usingizi kuliko mengine yote. Alikaa siku nyingi bila kumwonyesha mumewe karatasi. Alipolazimika kueleza kwa nini majuma manne yanahitajika, mume alinyamaza kwanza, kisha akauliza kile alichokuwa akikihofu: "Umekitoa wapi?"

Baba, jibu la haki ni hili. Hakuna anayejua, na hakuna kipimo duniani kinachoweza kusema. Kirusi hiki husambaa kwa kugusana ngozi za sehemu za siri, na huweza kukaa kimya mwilini kwa miaka mingi kabla ya kuonekana katika kipimo. Huenda mama alikuwa nacho kabla hajakujua wewe. Huenda ulikuwa nacho wewe kabla hujamjua yeye, na hata leo hujui, kwa kuwa mwanamume aghalabu hukibeba bila dalili, na hakuna kipimo cha kawaida cha kumpima. Karatasi hii si shahidi wa uzinzi wa mtu yeyote. Anayeitumia kumfukuza mkewe humhukumu kwa ushahidi usiokuwepo, tena humwondoa katika tiba wakati anapoihitaji.

Fundi wetu wa kinu alisikiliza maelezo hayo kwa muuguzi mwenyewe, maana mkewe alimwomba waende pamoja. Alipotoka alisema neno moja tu, kwamba mashine inayolia inatengenezwa, haiulizwi ilianza kulia lini. Kisha akauliza habari za binti yao.

Swali lake lilikuwa zuri. Binti ana miaka 11. Chanjo dhidi ya kirusi hiki ilianza kutolewa nchini kote Aprili 2018, na tangu mwaka 2024 hutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo hiyo haimtibu mama ambaye tayari anacho kirusi, na ndiyo maana hakupewa. Lakini humkinga binti kabla hajakutana nacho. Hata hivyo binti naye, akifika umri wa kupimwa, atapaswa kupimwa, kwa sababu chanjo haizuii aina zote.

Karatasi ya mama sasa iko ndani ya bahasha ya kadi za watoto, juu ya kabati, na kwa wino wa bluu imeandikwa mwezi wa kurudi. Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako iko karatasi kama hiyo iliyokunjwa mara nne, ikunjue leo. Soma tarehe yake. Kama siku ya kurudi imekwisha kupita, bado mlango uko wazi, nenda nayo hivyo hivyo ilivyokunjika.

Tukutane Jumapili ijayo.